Dakika Nne Kabla ya Sahani: Jinsi ya Kutambulisha Chakula cha Ushirika na Kuwashukuru Wapishi

Jumapili ya chakula cha ushirika hapa Voi, ibada hukawia kidogo kuliko kawaida. Watu wanapotoka kanisani ni karibu saa saba, jua liko utosini, watoto wameshanusa mchuzi, na sufuria zimepangwa mezani chini ya hema. Ndipo mzee wa kanisa anapokugeukia na kusema, "Hebu tuelezee chakula kidogo, halafu uwashukuru wapishi." Usipojiandaa utasema lile ambalo wengi husema: "Tunawashukuru akina mama kwa chakula kizuri, Mungu awabariki." Wataitikia amina, lakini yule aliyekesha na moto hatakuwa ametajwa, na mgeni aliye mbele ya meza hatajua anachopakua ni nini.

Nimefanya kazi hii mara nyingi, na nimeikosea pia. Mwaka mmoja niliusifu muthokoi na kumtaja dada aliyeubeba kutoka jikoni mpaka mezani. Aliyeupika alikuwa amekaa mstari wa pili, akaniangalia, kisha akainamisha macho. Tangu siku ile nimefuata utaratibu ninaoueleza hapa. Mfano ninaoutumia ni mlo wa watu wapatao mia moja na thelathini, wenye vyakula sita: kimanga, muthokoi, wali wa nazi, matoke, mchuzi wa mbuzi na kisamvu.

Hatua ya kwanza: nenda jikoni Jumamosi jioni

Hotuba hii hupatikana jikoni. Nenda na daftari wakati muhogo unamenywa na mbaazi zinachambuliwa, kwa sababu saa hiyo watu wamekaa na wanaongea. Jumapili asubuhi mpishi hana nafasi ya kukujibu, na ukimsumbua wakati wali unakaukia tui atakujibu neno moja tu.

Muulize kila mpishi mambo matatu. La kwanza ni jina, na uulize hivi: "Ungependa nikutaje vipi?" Usidhani unajua. Wengi wetu tunaitana Mama Fulani au Baba Fulani kwa jina la mtoto, na kwa kawaida ni heshima. Lakini yuko mama ambaye mtoto huyo amezikwa mwaka huu, na kulisikia jina lile kwenye kipaza sauti mbele ya watu wote kunaweza kumwumiza. Yuko pia bibi mzee anayetaka jina lake la ubatizo, kwa kuwa hilo ndilo lililo kwenye daftari la kanisa. Andika jina kama alivyolitamka, kisha msomee alisikie.

La pili ni chakula chenyewe: kwao kinaitwaje, na kinapikwaje. Meza ya kanisa la Voi hukusanya watu wa pande nyingi. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa mwishoni mwa miaka ya 1890, kisha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ikatengenezwa njia ya kwenda Taveta, na mashamba ya mkonge yakaita wafanyakazi kutoka mbali. Kwa hiyo Mdawida na Msaghala huketi na Mkamba, Mgiriama, Mtaveta na Mjaluo, na sahani iliyo ya kila siku kwa mmoja ni ngeni kwa jirani yake. Kijana aliyezaliwa Mwakingali anaweza kuwa hajawahi kuona muthokoi ukitwangwa. Anayekula kimanga kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni viazi vilivyopondwa. Hao ndio unaowaeleza.

La tatu ni hili: ndani ya sufuria kuna kitu gani ambacho mtu angependa kukijua kabla hajala? Karanga zilizosagwa kwenye kisamvu hazionekani, na mwenye mzio wa karanga anaweza kukosa pumzi. Tui la nazi, maziwa na samli navyo hujificha. Nyama nayo ina swali lake. Mji wetu una Waislamu wengi, na mara nyingi jirani au mkwe Mwislamu hualikwa. Ikiwa mbuzi amechinjwa na Mwislamu, lisemwe wazi ili mgeni ale bila kuuliza kwa siri. Ikiwa sivyo, lisemwe pia, na umwonyeshe sufuria atakayopakua kwa amani. Usilikisie jambo hili hata kidogo. Muulize aliyemleta mbuzi.

Hatua ya pili: watafute wasiosimama karibu na sufuria

Kabla hujaondoka jikoni, muulize kila mpishi, "Nani alikusaidia?" Swali hili ndilo lililobadilisha hotuba zangu kuliko yote. Utasikia habari za kijana aliyesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji kwa sababu mfereji ulikuwa mkavu tangu Alhamisi, na baba aliyepasua kuni. Utasikia kwamba sufuria mbili kubwa zimeazimwa kutoka kanisa jirani, na kwamba wasichana wa kwaya watamenya vitunguu mpaka saa nne usiku. Waandike wote, hata kama utawataja kwa kundi.

Hapo pia utagundua kwamba kusema "akina mama" peke yake si kweli. Katika mlo ninaousimulia, aliyesonga kimanga alikuwa mwanamume. Maharagwe huchemshwa kwanza mpaka yalainike, muhogo uliomenywa huongezwa na kuiva, kisha vyote husongwa pamoja kwa mwiko mpaka vishikane. Kwa sufuria ya watu mia na zaidi kazi hiyo inataka mabega, na mtu wa pili ashike sufuria isipinduke. Ukiwashukuru akina mama tu, huyo umemfuta.

Hatua ya tatu: pima muda

Hotuba isizidi dakika nne. Sababu ziko mezani. Kimanga kikipoa kinakuwa kigumu na hakipakuliki vizuri. Mchuzi wa mbuzi ukipoa mafuta huganda juu. Chakula kilichopikwa kikikaa wazi katika joto la Voi kwa zaidi ya saa moja au mbili kinaanza kuwa hatari, hasa wali na nyama, na saa hizo zinahesabiwa tangu kilipotoka motoni, si tangu ulipoanza kusema. Tena miongoni mwa wasikilizaji wako wazee wenye kisukari, na mmoja wao anaweza kuwa ameshajidunga insulini akitarajia kula saa saba. Ukichelewa anaanza kutetemeka na kutoka jasho.

Mimi nikisoma kwa utulivu hutamka maneno kama mia moja kwa dakika. Maneno mia nne basi yanatosha, na karatasi moja inayameza. Yagawe hivi: salamu sentensi mbili, kila chakula sentensi mbili au tatu, shukrani robo ya hotuba nzima, na mwisho maelekezo ya foleni. Soma kwa sauti nyumbani huku simu ikihesabu. Ukipita dakika nne, punguza salamu kwanza, halafu sifa. Majina ya watu usiyaguse.

Hatua ya nne: taja chakula kwa mambo, si kwa sifa

"Kitamu sana" ni neno la baada ya kula. Kabla ya kula, msikilizaji anataka jina la chakula, aliyekipika, kilichomo, na jambo moja la kazi yake. Linganisha hizi mbili. Ya kwanza: "Hapa tuna muthokoi, chakula kizuri sana cha asili cha ndugu zetu Wakamba, wenyewe mnawajua!" Ya pili: "Huu ni muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kwa kinu mpaka maganda yakatoka, yakapikwa na mbaazi. Mama Fulani wa Maungu aliyaweka motoni usiku, tukiwa tumelala."

Ya kwanza imetaja kabila na kuwachekesha watu, wala mpishi hayumo. Utani wa makabila jikoni una watani wake wanaojuana. Kwenye kipaza sauti, mbele ya wageni, humfanya mtu mmoja aonekane mfano wa kabila zima. Mtaje mtu na mahali anapotoka, na chakula kitajieleza kinatoka wapi.

Fuata mpangilio wa meza, kutoka upande ambao foleni itaanzia. Watu wanasikiliza huku wakiangalia sufuria, na ukiruka kutoka wali kwenda kisamvu kisha ukarudi kwenye matoke, watapotea. Muombe kijana mmoja afunue kila chakula unapokitaja na kukifunika tena. Inzi ni wengi, na joto la chakula lisipotee.

Hatua ya tano: shukuru kwa kitendo

Shukrani inayobaki moyoni husema mtu alifanya nini na lini. "Asante kwa kujitolea" inamfaa kila mtu, kwa hiyo haimfikii yeyote. "Asante kwa kuamka saa tisa usiku kuchochea moto" inamfikia mmoja, naye anajua kwamba kuna aliyemwona.

Neno moja la lugha ya mpishi linafaa sana hapa, mradi umelisikia kutoka kwake mwenyewe ulipokuwa jikoni na ukajua kulitamka. Kwa Mdawida sema "chawucha", kwa Mkamba "ni muvea". Neno moja linatosha.

Usitaje bei wala ukubwa wa mchango. Aliyetoa mbuzi na aliyetoa fungu la nyanya watajwe kwa sauti ileile. Nimeona mjane akiacha kuleta kitu kabisa baada ya michango kusomwa kwa kiasi cha fedha siku ya chakula. Pia usiwaite wapishi mbele. Wengine wana masizi mikononi na leso zimelowa, hawakuvaa kwa ajili ya kutazamwa. Waombe wasimame au wapunge mkono walipo, na asiyetaka asilazimishwe.

Hatua ya sita: maelekezo, kisha mwachie anayeomba

Malizia kwa mambo ya kufanya. Nani anatangulia? Kwetu ni wageni, wazee, wagonjwa na watoto wadogo. Maji ya kunawa yako wapi? Nani anapakua nyama? Nyama ipakuliwe na mtu mmoja, ama sivyo wa mwisho watapata mchuzi mtupu. Kisha litangaze jambo ambalo karibu kila mahali husahauliwa: sahani za wapishi. Kabla foleni haijaanza, chakula cha wapishi na waosha vyombo kitengwe na kufunikwa. Kamati ikishakubali, liseme hadharani, ili asije mtu baadaye akauliza ile hotipoti iliyofichwa ni ya nani.

Wewe usiombe, labda kama umeombwa. Mwite kasisi, mchungaji au mzee aliyepangwa, na umnong'oneze mapema kwamba maombi ni ya chakula tu.

Hotuba yenyewe

Hii ndiyo hotuba ya mlo ule. Palipo na Fulani weka jina ulilopewa jikoni.

"Bwana asifiwe! Mchungaji, wazee wetu, wageni na jamaa wote, karibuni mezani. Nitawaonyesha kilichopo, nitawashukuru waliokipika, kisha tutaomba na kula.

"Tunaanza upande wa mwembe. Sufuria ya kwanza ni kimanga, muhogo na maharagwe yaliyosongwa pamoja. Kimesongwa na Baba Fulani wa Sagalla, na mwanawe ndiye aliyeshika sufuria. Hakina maziwa wala nyama.

"Ya pili ni muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kwa kinu na kupikwa na mbaazi. Mama Fulani wa Maungu aliyaweka motoni jana usiku, tukiwa tumelala.

"Wali huu umepikwa kwa nazi. Dada Fulani alikuna nazi kumi na tano kwa mbuzi ya kukunia, na wifi yake akachuja tui.

"Hapa katikati ni matoke. Ndizi zimetoka Taveta jana kwa matatu, na mzee Fulani alizipokea stendi. Zimepikwa kwa nyanya na vitunguu, bila nyama.

"Sufuria mbili kubwa ni mchuzi wa mbuzi. Mbuzi wamechinjwa na jirani yetu Mwislamu, kwa hiyo wageni wetu wote mpakue bila wasiwasi. Wapishi ni vijana wa ushirika, wakiongozwa na Kaka Fulani.

"Ya mwisho ni kisamvu cha Bibi Fulani. Sikilizeni vizuri: kina karanga. Kama wewe au mtoto wako hamwezi karanga, msipakue, na mwiko wa kisamvu usiingie kwenye sufuria nyingine.

"Sasa wapishi wetu, tunaomba mpunge mkono hapo mlipo. Mliamka saa tisa usiku kuwasha moto. Mlimenya muhogo mpaka vidole vikauma. Vijana, mlisukuma mkokoteni wa maji mara sita kutoka kioski, kwa sababu mfereji ulikuwa mkavu. Wasichana wa kwaya, vitunguu vyote mmekata ninyi, na asubuhi mkaimba. Ndugu zetu wa kanisa jirani wametuazima sufuria. Asanteni. Chawucha. Ni muvea. Tunawapigia makofi.

"Chakula cha wapishi na watakaoosha vyombo kimeshatengwa, kimefunikwa kwa leso nyekundu. Tafadhali kisiguswe.

"Maji ya kunawa yako kando ya mlango. Wageni, wazee, wagonjwa na watoto wadogo watatangulia. Nyama itapakuliwa na Kaka Fulani peke yake, ili itufikie sote. Mchungaji, karibu utuombee chakula."

Ni pungufu ya maneno mia tatu. Pamoja na makofi na kufunua vifuniko, inachukua dakika nne.

Mambo yanayoharibika

Mara kwa mara chakula huongezeka dakika za mwisho. Mtu anafika na hotipoti ya chapati ukiwa umeshaanza kusema. Acha nafasi chini ya karatasi yako, na mpe mtu mmoja kazi ya kumuuliza mwenye hotipoti maswali yale matatu na kukuletea jibu. Kama jibu halijafika, sema tu, "Tumeongezewa chapati, tutamtaja aliyezileta baada ya kula," kisha umtaje kweli.

Ukikosea jina, lirekebishe palepale kwa sentensi moja na uendelee. Kujitetea kunakula muda na kumfanya aliyekosewa aone haya zaidi. Ukigundua kosa baadaye, si vyema kunong'ona pembeni. Uliposema kosa mbele ya watu, lisahihishe mbele ya watu, wakati wa matangazo ya mwisho.

Umeme ukikatika, usipige kelele kutoka kwenye hema. Sogea katikati ya watu, fupisha maelezo ya mapishi, na ubakize mambo matatu: majina ya wapishi, onyo la karanga, na habari ya nyama. Hayo ndiyo yasiyoweza kusubiri.

Utajuaje kama hotuba ilifaa? Simama karibu na meza dakika kumi za kwanza. Watu wakiuliza kila mara "hiki ni nini?", hukueleweka. Ukisikia mtoto akimwambia mwenzake, "Hicho ni cha karanga, usichukue," umeeleweka. Halafu pita jikoni. Wapishi wakila kwa kukaa, sahani zikiwa na nyama, tangazo lako la leso nyekundu limefanya kazi.

Watu wakishatawanyika, rudi na daftari lako pale vyombo vinapooshwa. Andika majina ya waliobaki kuosha, kwa maana wakati wa hotuba kazi yao ilikuwa haijaanza, na umpe katibu ayasome Jumapili inayofuata.